Mchoro wa Geti na Grili Huanzia Kwenye Pisi ya Chuma

Mafundi wengi huchora grili ili mteja aone ua litakavyokaa, halafu vipimo vya kukata vinatafutwa baadaye kwa chaki, juu ya chuma chenyewe. Mchoro wa aina hiyo unauza kazi, lakini haumsaidii aliyeshika grenda. Mwongozo huu unahusu mchoro mwingine: mchoro wa mbele tu, wa urefu na upana, ambao kila mstari wake ni ukingo wa chuma chenye unene wake, na ambao ukikamilika unakupa orodha ya kukata na idadi ya pisi za kununua. Nitaupitia kwa kazi mbili za kawaida za karakana ndogo: grili ya dirisha moja na geti la milango miwili.

Kabla ya penseli, amua kipimo kimoja na ukae nacho. Mteja atakutajia futi, muuzaji atakutajia inchi, lakini mchoro na orodha viwe vya milimita tupu. Ukiandika 1190, hakuna wa kuuliza kama ni sentimita au inchi. Skwea paipu inayoitwa ya inchi 1 ipime kwa tepu au kaliba uone kama kweli ni milimita 25, kwa sababu namba hiyo ndiyo itakayoingia kwenye hesabu, si jina lake la dukani.

Pisi nayo ipime. Duka litakuambia ni ya mita 6, lakini pisi nyingi hutoka na mita 5.8, kwani ndani ya kontena la futi 20 urefu ni kama mita 5.9 tu. Hesabu zote hapa zimefanywa kwa 5800. Anayepanga kwa 6000 akakutana na 5800 anaweza kujikuta na kipande kimoja pungufu kwenye kila pisi.

Sasa dirisha. Tundu la ukuta lipime upana mara tatu, juu, katikati na chini, na urefu mara tatu vilevile, kisha uchukue kipimo kidogo kuliko vyote. Tuseme umepata upana wa 1200 na urefu wa 1500. Baada ya hapo pima kona kwa kona, mishazari yote miwili. Tundu lililonyooka la ukubwa huu lina mshazari wa 1921. Mishazari ikitofautiana kwa milimita 3, ukuta umeegemea upande kwa kama 2 au 3, na hiyo itamezwa na nafasi ya kawaida inayoachwa pembeni. Ikitofautiana kwa 12, ukuta umeegemea karibu milimita 10, na grili ya mraba uliyoikata kwa kipimo kidogo bado itagoma kuingia. Hapo punguza upana wa grili kwa hiyo 10 kwenye mchoro, na umwambie mteja mapema kwamba plasta itaziba pembeni.

Kwa dirisha letu tutaacha milimita 5 kila upande. Grili inakuwa 1190 kwa 1490. Fremu ni skwea paipu ya 25, kona zimekatwa nyuzi 45 ili mdomo wa paipu usibaki wazi kuingiza maji. Nondo za kusimama ni skwea baa ya 12. Nyuma yake inapita mikanda miwili ya flati baa ya 25 kwa 4, kwa sababu nondo ndefu isiyoshikwa katikati hupanuliwa kwa jeki ya gari.

Hapa kuna uamuzi ambao mchoro wa ua hauonyeshi kamwe: kipi kinapita na kipi kinakatwa. Nondo inaweza kuishia ndani ya fremu, au ikalala juu ya fremu kutoka ukingo hadi ukingo. Ikiishia ndani, urefu wake ni 1490 ukitoa 25 mbili, yaani 1440. Ikilala juu ni 1490. Kwa macho tofauti ni ndogo. Kwenye pisi ni kubwa. Vipande vinne vya 1440 ni 5760. Ongeza milimita 3 ambazo jiwe la mashine ya kukatia linakula kila mkato, unapata 5772, na pisi ya 5800 inatosha. Vipande vinne vya 1490 ni 5960, havikai. Kwa hiyo nondo kumi za ndani zinatoka kwenye pisi tatu, na nondo kumi za juu zinahitaji pisi nne. Hata milimita 10 zingetosha kuharibu hesabu: nondo ya 1450 mara nne ni 5800 kamili, na jiwe bado halijala chake. Ukiona urefu umeangukia hapo, rudi kwenye mchoro uongeze nafasi ya juu na chini, kabla hujarudi dukani kununua pisi ya nne.

Idadi ya nondo na nafasi kati yake ndiko mahali ambapo kazi nyingi huharibika. Upana wa ndani ni 1190 ukitoa 50, yaani 1140. Tunataka nafasi isizidi 100, ili kichwa cha mtoto kisipite. Kosa la kawaida ni kugawanya 1140 kwa idadi ya nafasi na kusahau kwamba nondo zenyewe zinakula upana. Ondoa kwanza chuma, kisha gawanya kinachobaki:

```
nafasi = (upana wa ndani - idadi x unene) / (idadi + 1)
```

Nondo 9 zinatoa (1140 − 108) ÷ 10, yaani 103.2, imezidi. Nondo 10 zinatoa (1140 − 120) ÷ 11, yaani 92.7. Tunachukua 10. Hatua kutoka ukingo wa kushoto wa nondo moja hadi ukingo wa kushoto wa nondo inayofuata ni nafasi pamoja na unene, 104.7.

Usipige hatua hizo kwa kuhamisha tepu. Shikilia tepu kwenye kona moja ya ndani ya fremu na uweke alama zote kutoka hapo: 93, 197, 302, 407, 512, 616, 721, 826, 931, 1035. Kila namba imekadiriwa peke yake, ndiyo maana kosa halirundikani. Anayekadiria hatua kuwa 105 na kuihamisha mara tisa anafika 1038, na nafasi ya mwisho inabaki 90 wakati ya kwanza ni 93. Kwenye dirisha hili jicho linaweza kusamehe. Kwenye geti pana lenye nondo nyingi, jicho litakwenda moja kwa moja kwenye ile nafasi iliyobanwa. Namba hizi kumi ziandike kwenye mchoro wenyewe, chini ya fremu, ili anayeshika chaki asifanye hesabu upya.

Kuchora kwenyewe kunaweza kufanyika kwenye karatasi ya miraba kwa kipimo cha 1 kwa 10, ambapo grili hii inakuwa na upana wa milimita 119 na inakaa vizuri kwenye karatasi ya A4. Kama karakana ina kompyuta, hata ile ya zamani, LibreCAD ni programu ya bure inayotosha kabisa. Kwenye kompyuta chora kwa ukubwa halisi, milimita kwa milimita, na suala la kipimo uliache hadi wakati wa kuchapa. Ukingo wa nje wa fremu yetu unaandikwa hivi:

```
line
0,0
@1190,0
@0,1490
@-1190,0
c
```

Alama ya @ inamaanisha uhesabu kutoka pale ulipofika, si kutoka mwanzo. Desimali iandike kwa nukta, kwa sababu mkato unatenganisha upana na urefu. Ukiandika 92,7 programu itaelewa 92 kwenda kulia na 7 kwenda juu. Na kila nondo ichorwe kwa mistari miwili iliyoachana 12, kamwe isiwe mstari mmoja. Mstari mmoja hauna unene, na mchoro wa mstari mmoja mmoja utakuonyesha nafasi ambazo kwenye chuma hazipo. Sehemu inayopita nyuma ya nyingine, kama mikanda yetu ya flati baa, ichore kwa mstari wa vipande vipande pale inapofichwa na nondo.

Kila kipande kipe herufi, na vipande vinavyofanana kabisa vipewe herufi moja. Kutoka hapo orodha inajiandika:

| Alama | Chuma | Urefu | Idadi | Ncha |
|---|---|---|---|---|
| A | Skwea paipu 25 | 1490 | 2 | 45 zote mbili |
| B | Skwea paipu 25 | 1190 | 2 | 45 zote mbili |
| C | Skwea baa 12 | 1440 | 10 | Mraba |
| D | Flati baa 25 x 4 | 1140 | 2 | Mraba |
| E | Flati baa 25 x 4, masikio ya ukutani | 100 | 6 | Mraba |

Kwa vipande vya nyuzi 45, andika pembeni kwamba urefu ni wa ncha ndefu hadi ncha ndefu. Bila maneno hayo, mkataji mmoja atapima nje na mwingine atapima ndani, na fremu itazidi kwa milimita 50. A na B kwa pamoja ni 5360, zinatoka kwenye pisi moja, ukigeuza paipu kila baada ya mkato ili mkato mmoja wa mshazari utumike na vipande viwili. D na E zinatoka kwenye pisi moja ya flati baa na karibu nusu ya pisi inabaki. Kwa hiyo grili hii ni pisi 1 ya paipu, pisi 3 za skwea baa na pisi 1 ya flati baa. Hayo ndiyo maneno ya kumpelekea muuzaji.

Jambo moja la grili usilimwachie mteja peke yake. Kama dirisha ni la chumba cha kulala, na mlango wa chumba ndiyo njia pekee ya kutokea, mshauri akubali sehemu ya grili ifunguke kwa ndani, yenye bawaba na komeo ambalo ufunguo wake unakaa karibu. Moto ukiwa sebuleni, grili isiyofunguka inawafungia watu ndani. Amueni kabla ya kuchora, maana mlango huo mdogo una fremu yake, na orodha yote inabadilika.

Geti linafuata njia ileile, ila lina mambo mawili ambayo dirisha halina: linazunguka, na lina uzito wa kutosha kujishusha lenyewe. Pima kati ya nguzo baada ya plasta na siyo kabla yake. Tuseme nafasi ni 3000. Bawaba nunua kwanza, uzishike mkononi na upime zinahitaji nafasi gani kati ya nguzo na fremu; hapa tuchukue 20 kila upande. Katikati, milango inapokutana, acha 10. Kinachobaki ni 2950, yaani kila mlango una upana wa 1475. Chini acha 50, na kama kichwa cha geti kiko 2000 kutoka ardhini, mlango wenyewe ni 1950.

Hiyo 50 ya chini usiiamini mpaka uchore geti likiwa wazi. Weka ubao ulionyooka na pima maji kuanzia pale bawaba itakapokaa, kuelekea ndani ya ua, uone ardhi inapanda kiasi gani. Ikipanda sentimita 4 kwa kila mita, mwishoni mwa mlango wa 1475 imeshapanda milimita 59, na mlango utakwaruza ardhi kabla haujafunguka wote. Mchoro mdogo wa ubavu, mistari miwili tu, unalionyesha hilo. Dawa yake ni kufungulia nje kama barabara inaruhusu, kuongeza nafasi ya chini, au kuchimba ardhi. Lakini uamuzi huo ni wa mteja, na unafanywa kwenye karatasi.

Fremu ya kila mlango ni skwea paipu ya 50: nguzo mbili za 1950 zinazopita, na milalo mitatu inayoingia kati yake. Urefu wa mlalo ni 1475 ukitoa 100, yaani 1375. Sehemu ya chini inazibwa kwa shiti, ya juu ina nondo.

Mlalo wa katikati ukae wapi? Wengi huuweka katikati kwa mazoea. Mimi naona shiti ndiyo iamue. Shiti ni 2440 kwa 1220. Kwenye kila mlango itapanda juu ya fremu 20 kila upande ili ipate mahali pa kuchomelewa, kwa hiyo upana wake ni 1415. Viwili havikai mfululizo kwenye 2440, kwa kuwa vingetaka 2830. Lakini vinaweza kukaa kimoja juu ya kingine: 600, mkato 3, na 600 tena ni 1203, ndani ya 1220. Basi shiti ya kila mlango iwe na kimo cha 600, uwazi wa chini uwe 560, na shiti moja inamaliza geti zima. Ukipandisha mlalo 20 tu juu zaidi, shiti mbili za 620 hazikai tena, na unanunua shiti ya pili. Mteja anayetaka kujificha zaidi na barabara apewe hiyo shiti ya pili, lakini ailipie akijua.

Uwazi wa juu unabaki 1950 ukitoa milalo mitatu ya 50 na 560, yaani 1240. Kwa skwea baa ya 16, nondo 11 kwenye upana wa 1375 zinaacha nafasi ya 99.9. Milango miwili inataka nondo 22 za 1240. Pisi moja inatoa nne na kubakiza kama 828, kwa hiyo ni pisi 6, ya sita ikitumika kwa nondo mbili tu.

Paipu ya fremu inafundisha jambo jingine la orodha. Tunahitaji vipande vinne vya 1950 na sita vya 1375. Akianza mtu na vifupi, pisi ya kwanza inatoa vinne vya 1375. Ya pili inatoa viwili vilivyobaki na kimoja cha 1950. Ya tatu inatoa viwili vya 1950, na kile kimoja kilichosalia kinadai pisi ya nne. Ukianza na virefu, pisi ya kwanza na ya pili kila moja inatoa viwili vya 1950 na kimoja cha 1375, jumla 5275 na mikato yake. Ya tatu inatoa vinne vya 1375. Pisi tatu, vipande vilevile. Kwa hiyo orodha ya kukata isiishie kwenye idadi. Ichore kila pisi kama mstari mrefu, ugawe vipande juu yake kwa kuanza na kirefu kuliko vyote, na uandike mabaki mwishoni. Mkataji afuate mistari hiyo, asichague mwenyewe.

Uzito nao unatoka kwenye orodha. Skwea paipu ya 50 yenye unene wa 2 ina kama kilo 3 kwa mita, skwea baa ya 16 kama kilo 2, na shiti ina kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Mlango wetu mmoja, ukiwa na shiti ya 1.5, unafika kama kilo 61 kabla ya kitasa na rangi. Namba hiyo mpe muuzaji wa bawaba. Shiti iliyochomelewa pande zote nne inazuia fremu isilale kuelekea katikati. Mteja akiikataa shiti akataka nondo tupu, weka mshazari unaoanzia kona ya chini ya upande wa bawaba na kupanda kuelekea upande wa kitasa. Urefu wa mshazari usiukate kwa kutegemea orodha. Andika urefu wenye ziada, kisha uupime juu ya fremu iliyokwisha kushikizwa.

Na hilo linahusu nondo pia. Fremu ishikizwe kwa nukta kwenye kona nne, mishazari ilinganishwe mpaka iwe sawa, halafu upana na urefu wa ndani vipimwe tena. Kuchomelea kunavuta chuma, na paipu yenyewe haikosi tofauti ya milimita moja. Kama mchoro unasema 1440 na fremu inasema 1438, sahihisha orodha, usilazimishe nondo kwa nyundo.

Kata kipande kimoja cha kila herufi, kijaribu ndani ya fremu, na kikikaa ndipo uwashe mashine kwa vilivyobaki. Mabaki yote yanayozidi nusu mita yaandike kwa chaki urefu wake na uyasimamishe mahali pamoja. Orodha ya kazi inayofuata ianze kwa kuyaangalia hayo kabla ya kuandika pisi mpya hata moja.